Kabla ya kubishania faini, kubalianeni saa inaanzia wapi

Mikataba ya kusafirisha mizigo ya mikoani imebadilika sura. Zamani mwenye mzigo wa Dar es Salaam na mwenye malori walielewana nauli, tani na siku ya kupakia, mengine wakaachiana kwa kujuana. Sasa karibu kila mkataba mpya unaopita mikononi mwangu una kiambatisho cha viwango vya huduma: asilimia fulani ya safari zifike kwa wakati, na chini ya hapo msafirishaji anakatwa fedha. Tarakimu inayopendwa ni 95, na 98 nayo imeanza kubisha hodi. Wenye mizigo wanakipokea kiambatisho hiki kama ushindi, wenye malori wanakiona kitanzi, na mezani pande zote mbili humaliza siku nzima zikivutana juu ya mambo mawili tu: asilimia iwe ngapi na faini iwe kiasi gani. Kwa maoni yangu hayo mawili ndiyo mepesi. Kinachoamua kama mkataba utaleta mzigo kwa wakati au utaleta ugomvi ni mambo matatu ambayo huandikwa harakaharaka au hayaandikwi kabisa: saa inaanza na kuishia wapi, safari ngapi zihesabiwe kabla ya kutoa hukumu, na neno "kurudia" maana yake nini.

Nianze na hiyo 98, kwa sababu wengi wanaitaja kama kipimo cha dunia. Iliyoipa umaarufu ni kampuni ya maduka ya Walmart ya Marekani, ambayo mwaka 2020 ilidai asilimia 98 ya shehena zifike kwa wakati na asilimia 98 zifike kamili, na ikaweka faini ya asilimia 3 ya thamani ya bidhaa kwa shehena iliyokosea. Lakini anayetozwa faini hiyo ni mtengenezaji au msambazaji anayeliuzia duka bidhaa. Mwenye lori hayumo katika mkataba huo. Msambazaji ana ghala, ana akiba ya bidhaa, ana ratiba yake ya kupakia, na anaweza kuanza safari siku moja mapema akiona mvua. Mwenye lori hana hata kimoja kati ya hivyo. Yeye anakuja kupakia siku aliyoitwa, anaondoka saa aliyoruhusiwa. Kuinyofoa tarakimu hiyo kutoka mkataba wa bidhaa na kuibandika kwenye mkataba wa nauli ni kumdai mtu matokeo ya maamuzi asiyoyafanya yeye.

Nimewahi kukaa upande wa mwenye mzigo, kwenye kampuni iliyosambaza sabuni na mafuta ya kula kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, Shinyanga na Kahama. Mwezi mmoja tulikuwa na safari 34. Katika kikao cha mwisho wa mwezi sisi tulileta karatasi inayoonyesha kuwa safari 24 zilifika kwa wakati, yaani asilimia 71. Msafirishaji alileta yake: safari 32, asilimia 94. Malori yale yale, madereva wale wale, hati zile zile za kupokelea mzigo. Mkataba ulitaka 90, kwa hiyo kwa hesabu yetu alipaswa kukatwa, na kwa hesabu yake alipaswa kupongezwa. Safari mbili alikubali mwenyewe kuwa zilichelewa. Ubishi wote ulikuwa juu ya safari nane, na zile nane ndizo zilizonifundisha zaidi ya kifungu chochote.

Tatu kati ya hizo nane malori yaliingia kwenye yadi yetu asubuhi saa 2 na yakatoka getini usiku wa manane au kesho yake. Makuli walikuwa wachache, mafuta ya kula yalikuwa hayajatoka kiwandani, na karani wa nyaraka aliondoka saa 11 jioni. Nne zilikuwa za wateja wa Mwanza ambao mzigo wao ulitakiwa Jumamosi lakini hati zikagongwa muhuri wa Jumatatu. Ninaikumbuka moja ya hati hizo: muhuri wa bluu wenye tarehe ya Jumatatu katikati, na pembeni kabisa, kwa kalamu ya dereva, maneno "nimefika J'mosi saa 4, stoo imejaa, nimeambiwa nisubiri". Ya nane ilikwama kwenye mizani ya Vigwaza. Uzito wote wa lori ulikuwa ndani ya kiwango, ila mzigo ulikuwa umelalia ekseli za nyuma, na dereva akalazimika kutafuta vibarua wa kuupanga upya kando ya barabara.

Mkataba wetu ulisema mzigo ufike "ndani ya saa 48". Haukusema saa 48 tangu lini, wala kufika ni nini. Sisi tulihesabu tangu lori liliporipoti kupakia hadi muhuri wa mteja. Yeye alihesabu tangu lori lilipotoka getini hadi lilipoonekana kwenye ramani ya kifaa cha kufuatilia magari likiwa Mwanza mjini. Kila upande ulichagua saa inayompendeza, na hakuna aliyedanganya. Ndiyo maana nasema asilimia ni jambo la mwisho kukubaliana. Mkiandika 90 bila saa, mmeandika namba mbili tofauti kwa wino mmoja.

Saa nzuri ni ile ambayo kila mwisho wake una alama inayoonwa na pande zote mbili. Kwa safari ya mikoani, naona alama ya kuanzia iwe lori kutoka getini likiwa na nyaraka zote, saa ikiandikwa kwenye daftari la mlinzi na kusainiwa na dereva. Alama ya kumalizia iwe lori kuripoti kwenye geti la mteja ndani ya saa zake za kupokea mzigo. Maneno "ndani ya saa zake za kupokea" ni ya lazima, kwa sababu bila hayo dereva atafika Jumamosi saa 12 jioni, stoo imefungwa tangu saa 6 mchana, na bado atajihesabia kuwa amewahi. Na kinyume chake, bila kutaja geti, mteja aliyejaza stoo yake kwa mzigo wa mtu mwingine atamfanya msafirishaji alipe kwa uzembe usio wake. Muda wa kupakua baada ya hapo una malipo yake, yale ya lori kulala, na unapaswa kuwa na kifungu chake pembeni. Mizani nayo ina jibu rahisi ukishauliza swali moja: nani alipakia? Yadi yetu ndiyo iliyopakia kwa makuli wetu, msimamizi wetu akiangalia. Mzigo kulalia nyuma lilikuwa kosa letu. Msafirishaji akipakia mwenyewe, au akisaini kuwa ameridhika na mpangilio wa mzigo kabla ya kutoka, basi saa zilizopotea Vigwaza au Mikese ni zake.

Halafu kuna urefu wa hizo saa zenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilomita 1,150. Lori kubwa haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na ukiweka milima, vijiji, matuta, mizani na foleni ya kutoka mjini, wastani wa kweli ni kilomita 45 hadi 50. Hiyo ni saa 23 hadi 26 za usukani mtupu, kabla dereva hajala wala hajalala. Saa 48 inampa nafasi ya kulala usiku mmoja na kubadilisha tairi moja. Saa 30, ambayo nimeiona kwenye mkataba mmoja, haimpi kitu. Na faini ikishukia kwenye posho ya dereva, kama inavyofanyika kwingi, pengo hilo hulipwa kwa kuendesha bila kulala. Mwenye mzigo anayesaini saa 30 anapaswa kujua anasaini nini.

Jambo la pili, idadi ya safari, ni la hesabu tu, lakini ndilo linaloonea watu kimyakimya. Tuseme mnakubaliana asilimia 95 kwa kila njia kwa kila mwezi, na njia ya Shinyanga ina safari nane kwa mwezi. Safari moja ikichelewa, msafirishaji ameshuka hadi 87.5. Kwa hiyo 95 kwa safari nane maana yake ni asilimia 100. Hakuna nafasi ya kosa hata moja. Sasa chukua msafirishaji mzuri kweli, ambaye kwa muda mrefu hufikisha safari 95 katika kila 100. Uwezekano wa yeye kuchelewa angalau mara moja katika safari nane ni karibu theluthi moja. Yaani kila baada ya miezi mitatu hivi atakatwa fedha bila kuwa amebadilika chochote, kwa sababu tu tundu la chujio ni dogo kuliko punje anayopaswa kuiruhusu ipite.

Dawa yake ni kurefusha muda wa kuhesabu na kutenganisha namba mbili ambazo watu huzichanganya: shabaha, na mstari wa faini. Chukua miezi mitatu ya njia ile ile, safari 24. Shabaha ibaki 95, iwe ndiyo namba ya kujadiliwa kikaoni. Faini ianze pale safari tatu au zaidi zinapochelewa, yaani chini ya asilimia 90. Kwa kanuni hiyo, yule msafirishaji mzuri ataangukia upande wa faini kwa bahati mbaya takriban mara moja katika robo mwaka tisa. Msafirishaji mbovu, anayefikisha safari 80 tu katika 100, atanaswa karibu robo mwaka tisa katika kila kumi. Hicho ndicho kipimo chenye haki: kinampata anayestahili na kumwacha asiyestahili, mara nyingi kadiri hesabu inavyoruhusu. Mwenye mzigo anayeng'ang'ania 95 kwa mwezi kwa safari nane anadhani amekuwa mkali, kumbe ameweka bahati nasibu, na msafirishaji mwenye akili ataiweka gharama ya bahati nasibu hiyo ndani ya nauli tangu siku ya kwanza.

Hapa wasafirishaji huja na hoja yao kuu, nayo ni dhaifu kuliko zote: kwamba barabara zetu hazitabiriki, kwa hiyo shabaha yoyote ya muda ni uonevu. Wanataja mafuriko, ajali zinazofunga barabara, misafara, mizani. Hayo yote ni kweli. Lakini wanaoitumia hoja hii ndio hao hao ambao ukiwauliza lori lililoondoka leo litafika Mwanza lini, wanakujibu bila kusita, na mara nyingi wanapatia. Mabasi yanapita barabara zile zile yakiwa na ratiba. Kutotabirika kuna kiasi, na kiasi hicho kinaonekana ukizipanga safari zako za miezi sita kwa saa zilizotumika: nyingi hukusanyika mahali pamoja, chache hutawanyika mbali. Mahali zinapokusanyika ndipo unapoweka muda wa kawaida, na zile chache zilizotawanyika ndizo zinazokwambia asilimia iwe 90 au 95. Barabara ikiwa mbaya, dirisha la muda linapanuliwa. Haiwi sababu ya kukosa dirisha kabisa.

Majanga makubwa nayo yana mahali pake. Mwezi Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara eneo la Somanga, na hakuna mkataba wenye busara ambao ungehesabu lori lililokwama pale kuwa limechelewa. Ila msamaha huo unahitaji mwanzo na mwisho. Uanze pale msafirishaji anapotoa taarifa kwa maandishi, tuseme ndani ya saa 6 tangu lori likwame, akitaja lori lipi na liko wapi. Uishe barabara inapofunguliwa, au pande mbili zinapokubaliana lori lizungukie Songea, Tunduru na Masasi kwa muda mpya na nauli mpya. Bila mipaka hiyo, mvua ya wiki moja hugeuka kisingizio cha robo mwaka nzima, na lori lililotoka Dar wiki tatu baadaye bado linadai lilichelewa kwa sababu ya Hidaya.

Upande wa wenye mizigo hoja yao ina nguvu zaidi, na sitaki kuipuuza: kwamba bila faini hakuna anayejali. Duka la jumla la Mwanza likikosa sabuni siku tatu, mteja ananunua ya mshindani, na hasara hiyo haimgusi mwenye lori. Faini ndiyo njia pekee ya kumfanya aione. Nakubali msingi wa hoja hii. Tatizo linaanza pale wanapohitimisha kwamba kadiri faini inavyokuwa kubwa ndivyo mzigo utakavyowahi.

Tazama malori hayo yanachelewa kwa nini. Kwa njia ya Kanda ya Ziwa, sababu kubwa niliyoikuta mara nyingi haiko barabarani kuelekea Mwanza. Iko kwenye kurudi. Nauli ya kwenda peke yake mara nyingi hailipi mafuta ya kwenda na kurudi pamoja na faida, kwa hiyo lori hutafuta mzigo wa kurudi nao Dar: mchele wa Kahama, pamba au mashudu ya Shinyanga. Mzigo huo usipokuwepo, lori hulala likisubiri siku mbili, tatu, hata tano. Wakati huo yadi ya Dar imelipangia kupakia kesho. Sasa tuseme nauli ya kwenda ni shilingi 3,500,000 na faini ni asilimia 5, yaani 175,000. Mzigo wa mchele unaosubiriwa utamlipa shilingi 2,000,000. Mwenye lori hahitaji kikokotoo. Atasubiri mchele na kulipa faini, na kwa upande wake hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Faini imekuwa bei ya ruhusa ya kuchelewa. Ukiipandisha hadi imuumize kweli, tuseme nusu ya nauli, umevuka faida yake yote ya safari, na mwenye malori matatu hawezi kulipa hata mara mbili kabla hajauza moja.

Na sheria yenyewe haiko upande wa faini kubwa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa endapo utavunjwa, aliyeumizwa anastahili fidia ya kiasi cha haki kisichozidi kile kilichotajwa. Kwa lugha nyepesi, namba uliyoiandika ni dari. Hakimu anaweza kukupa chini ya hapo, na hawezi kukupa zaidi. Kenya nako, ambako mahakama zinafuata misingi ya sheria ya Kiingereza, kifungu cha adhabu kisicholingana na maslahi halali ya anayedai kinaweza kukataliwa kutekelezwa. Anayeandika nusu ya nauli ili kutisha anajiandalia kesi dhaifu. Anayeandika asilimia 5, akaweka mkatabani ukomo wa asilimia 10 ya nauli za njia hiyo kwa robo mwaka, na akaeleza kwa sentensi moja kuwa kiasi hicho kinafidia gharama za kupiga simu, kukodi lori la dharura na punguzo analompa mteja, ana kitu cha kusimamia.

Basi kama faini ndogo ni bei na faini kubwa haisimami, kinachobaki ni kufanya kurudia kuwe na gharama ya aina nyingine. Hapa ndipo neno la tatu linapoingia. Mikataba mingi husema "akikosa shabaha mara mbili mfululizo". Mfululizo lina mwanya: msafirishaji anaweza kukosa, kupata, kukosa, kupata mwaka mzima na asiguswe. Afadhali useme mara mbili katika vipindi vitatu. Mwanya mwingine uko upande wa pili, na huu wenye mizigo wenyewe hawauoni. Ukihesabu miezi mitatu inayosogea kila mwezi, Januari hadi Machi, kisha Februari hadi Aprili, kisha Machi hadi Mei, mwezi mmoja mbaya wa Machi unaingia katika vipindi vyote vitatu, na msafirishaji anaadhibiwa mara tatu kwa safari zile zile. Ama tumieni robo mwaka zisizopishana, ama muandike kwamba safari iliyokwisha kutozwa faini haihesabiwi tena.

Baada ya hapo ngazi iwe fupi na inayoeleweka. Robo mwaka ya kwanza chini ya mstari, hakuna fedha inayokatwa. Msafirishaji ana siku 7 za kuleta maelezo ya kila safari iliyochelewa, sababu yake na atakachobadilisha. Ya pili ndani ya vipindi vitatu, inakatwa asilimia 5 ya nauli ya safari zilizochelewa. Na pamoja na kukata huko, mwenye mzigo anapata haki ya kuhamisha theluthi ya safari za njia hiyo kwa msafirishaji mwingine kwa robo mwaka inayofuata. Ya tatu, haki ya kuvunja mkataba wa njia hiyo kwa taarifa ya siku 30 bila fidia. Hiyo theluthi ndiyo inayouma. Mwenye malori aliyekopa benki kununua semitrela anaishi kwa idadi ya safari za uhakika. Kupoteza safari nane katika 24 kunambana kuliko 175,000 zozote, na ni adhabu ambayo hawezi kuirudisha kwako kupitia nauli ya mwaka ujao.

Kukata fedha kwenyewe kuna utaratibu wake. Mkataba lazima utamke kwamba mwenye mzigo anaweza kukata kwenye ankara, na hesabu ya faini ikamilike na kusainiwa kabla ankara ya mwisho na risiti ya mashine ya EFD havijatolewa. Risiti ikishatoka na kiasi kizima, kila shilingi inayokatwa baadaye inazaa masahihisho ya kodi kwa pande zote mbili, na nimeona faini halali zikiachwa kwa sababu wahasibu walichoka.

Mwenye mzigo naye awe na saa yake. Kama lori limeripoti kwa wakati na halijatoka ndani ya saa 6, safari hiyo haiingii kwenye hesabu ya kuchelewa, na malipo ya lori kulala yaanze kuhesabiwa. Oda itolewe siku mbili kabla. Na nauli ilipwe kwa siku zilizoandikwa. Safari ya kwenda Mwanza inakula takriban lita 500 za dizeli, na dizeli hainunuliwi kwa ahadi. Anayelipa baada ya siku 90 huku mkataba ukisema 30 ndiye anayeyafanya malori yalale yadi yakisubiri fedha ya mafuta. Kipengele hiki wenye mizigo hukipinga kuliko vyote, na upinzani wao wenyewe unaonyesha jinsi kilivyo cha lazima.

Nirudi kwenye zile safari 34. Baada ya vikao vitatu tulikubali kuzihesabu upya kwa saa moja: kutoka geti letu hadi geti la mteja ndani ya saa za kupokea. Zile tatu zilizokaa yadini zikawa zimewahi. Ya mizani tukaibeba sisi. Zile nne za Jumamosi zikagawanyika: mbili dereva alifika stoo ikiwa wazi akarudishwa, mbili alifika imeshafungwa. Tukaishia na safari 30 zilizowahi katika 34, asilimia 88. Haikuwa 71 yetu wala 94 yake, na ilikuwa chini ya 90 ya mkataba, kwa hiyo msafirishaji hakuwa ameonewa kabisa.

Daftari la mlinzi likatuonyesha jambo lingine ambalo hakuna upande uliokuwa ukilihesabu. Malori matano kati ya yale 34 yaliripoti kupakia siku moja au mbili baada ya siku yaliyoitwa. Yalipotoka getini yakakimbia vizuri na kufika ndani ya saa 48, na kwenye karatasi zote yakawa yamewahi, ilhali mteja wa Kahama alikuwa amesubiri siku nne. Tukaongeza kipimo cha pili, cha kuripoti kupakia, chenye mstari wake na ngazi yake. Msafirishaji alipoulizwa yale matano yalikuwa wapi, alijibu bila kuficha kwamba yalikuwa Kahama yakisubiri mchele. Tukakaa tukapiga hesabu naye. Tuliongeza nauli ya njia hiyo kidogo, kwa sharti kwamba lori likikosa mzigo wa kurudi ndani ya saa 24 linarudi tupu, na kifaa cha kufuatilia kinaonyesha limeondoka. Robo mwaka iliyofuata hatukumkata shilingi, na hatukupakia lori hata moja siku isiyo yake.